Mfasiri Aliyeniuliza Maswali, Nami Nikampunguzia Alama

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akilalamika kwamba mfasiri wake amemrudishia maswali tisa badala ya tafsiri, na akataka kujua kama anaweza kumkata alama za makataa. Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa miaka michache nyuma nilifanya hivyo hivyo.

Nilikuwa nasimamia tafsiri katika ofisi ya wakili mmoja hapa mjini. Taarifa ya shahidi, ya Kiswahili, ilihusu mali iliyopotea katika kibanda cha Gikomba, na kabla ya kuchagua wa kufanya naye kazi, niliwapa wafasiri wawili kurasa zile zile. Sentensi moja ilisema: “Ndugu yake alikuja saa tatu akachukua marobota mawili.” Wa kwanza alileta Kiingereza safi siku moja kabla ya makataa, bila swali hata moja. Wa pili alileta kwa wakati, lakini pembeni mwa sentensi hiyo aliandika: ndugu huyu ni wa kiume au wa kike, wa tumbo moja au wa ukoo, na ni saa tatu ya asubuhi au ya usiku? Nilimwona msumbufu. Nikampa wa kwanza alama zote za usahihi, na kazi nikampa yeye.

Shahidi aliposomewa tafsiri, alishangaa. Ndugu aliyemtaja ni dada, na alikuja usiku. Tafsiri ilisema ni kaka, tena kwa kuihamisha “tatu” jinsi ilivyo, ikamfikisha saa tisa. Kiswahili hakitaji jinsia hapo, Kiingereza hulazimisha uchague. Aliyechagua bila kuuliza alikuwa amebahatisha, na ule usafi niliousifu ndio uliokuwa dalili.

Tangu hapo natafuta kwanza sentensi tatu au nne zenye utata katika matini chanzi, kisha natazama mfasiri alizifanyia nini: aliuliza, aliweka tanbihi, au alipita kimya kimya. Natazama pia aliuliza lini, kwa maana swali la siku ya pili ni kazi nzuri, ilhali swali la saa moja kabla ya makataa ni udhuru, na siku ambazo mimi nimechelewa kujibu simhesabii yeye. Tena natazama alimuuliza nani. Nimewahi kumwondoa mmoja aliyepiga picha ukurasa mzima, majina ya watu yakionekana, akautuma katika kundi la wafasiri kwenye WhatsApp ili asaidiwe neno moja. Angeweza kuuliza neno hilo peke yake. Mkalimani naye, asiye na nafasi ya tanbihi, nampima kwa kukatiza papo hapo na kueleza pande zote mbili anachouliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yajibu hayo maswali tisa leo. Yule mfasiri wangu wa pili nilimpigia simu kuomba radhi, akanisamehe, ila bei yake ilikuwa imepanda.