Faida ipo kwenye vitabu, mzigo haununuliki

"Vitabu vinaonyesha faida, lakini pesa niliyopata hainunui tena mzigo uleule. Shida iko wapi?"

Salaam ndugu. Kwanza angalia tarehe ya kila manunuzi. Bei zikipanda kwa kasi kati ya kununua na kuuza, faida ya uongo huanzia hapo. Tuseme ulinunua mzigo kwa mtaji wote wa 1,000 fahirisi ya bei, yaani namba inayopima bei zimepanda kiasi gani, ikiwa 100, ukauuza kwa 1,800 ikiwa 200, na mwaka ukafungwa ikiwa 250. Vitabu vinasema faida 800. Ukiitoa hiyo na kuitumia, unakula mtaji.

Leta tarakimu zote kwenye bei za siku ya kufunga, kama IAS 29, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kwa nchi zenye mfumuko mkubwa sana wa bei, inavyotaka. Gharama ni 1,000 × 250/100, yaani 2,500. Mauzo ni 1,800 × 250/200, yaani 2,250. Hapo ni hasara ya 250.

Pesa taslimu usiizidishe, inabaki 1,800. Ila kwa kukaa tu tangu mauzo imepoteza 450, nayo ni hasara ya kuandikwa. Jumla 700.

Sasa hakiki: mtaji umekuwa 2,500, mkononi una 1,800, pengo ni 700 zilezile. Zisipolingana, kagua kama umezidisha deni au salio la benki. Fahirisi yenyewe ni wastani wa bei nyingi, kwa hiyo mzigo wako unaweza kuwa umepanda zaidi.