Barua kwa mwanangu: kikombe kiliangukia wapi?

"Shikamoo mama. Mume wangu akikasirika anafoka na kubamiza milango. Juzi karusha kikombe kikapasukia ukutani. Lakini hajawahi kunigusa, na baba naye alikuwa hivyohivyo. Ulimvumiliaje miaka yote ile?"

Marahaba mwanangu.

Baba yako sikumvumilia, nilimzoea, na hayo ni mambo mawili. Unaikumbuka redio yake? Siku ile wavuvi wamerudi na dagaa wa kujaza ndoo mbili tu kwa sababu mtu kawauzia mafuta ya karabai yaliyotiwa maji. Akafoka mpaka Kirumba nzima ikasikia, akainyakua redio akairusha kutoka barazani, ikapasukia kwenye jiwe letu la kuanikia. Nusu saa baadaye alikuwa amechuchumaa anaokota betri na wewe umemshikia kopo. Nilimwambia mbele yenu, "Mzee, umeipiga redio, mafuta yamepona." Akacheka mwenyewe. Wiki nzima tukasikiliza taarifa ya habari kupitia ukuta wa jirani. Mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu kama chizi.

Nimewaambia tangu mko wadogo: usisikilize sauti ya mwanamume, sikiliza miguu ya mkewe. Mke anayenyata nyumbani kwake ana jambo.

Mama yako mdogo alikuwa ananyata. Nyie mlimpenda mumewe kwa sababu ya pipi na upole, na mimi nilimpenda kuliko nyinyi. Sengerema nzima hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Akikasirika alifunga mlango kwanza. Kisha alivunja kitu kimoja: kioo, halafu sahani za harusi, halafu simu ya mdogo wangu. Vyote vya mdogo wangu. Redio yake, baiskeli yake, hata kikombe chake cha chai havikupata mkwaruzo. Na mtu akipiga hodi katikati ya hayo, yeye ndiye aliyeitikia "karibu" kwa sauti laini.

Nimekuwa nikisema kwamba hasira inayojua kuchagua kitu cha kuvunja na kunyamaza kwa hodi si hasira iliyompofusha mtu. Usiku huu nimejibishana na nafsi yangu, maana baba yako naye aliwahi kunyamaza mwenyekiti wa mtaa alipopita. Tena nawe kuna siku nilikukuta nyuma ya debe la unga umeziba masikio, kwa hiyo nisimfanye malaika kwa kuwa ameshakufa. Lakini baada ya redio mimi nilimsema baba yako mbele ya watu, nikala, nikalala usingizi. Mdogo wangu kila kilipovunjika kitu aliacha jambo moja: aliacha kikoba baada ya sahani, akaacha kunipigia baada ya simu. Tukija kumtembelea alimtazama mumewe kabla ya kujibu kama anataka soda. Sisi tulisema ametulia kwenye ndoa.

Siku aliyokuja Mwanza sauti ilikuwa imekwama, anaongea kama mtu mwenye mafua, na chai anaimeza kwa shida. Akaniambia, "Dada, alinishika hapa," akaweka mikono yake shingoni. Nikamfungua kanga, nikatazama. Shingo safi. Nikasema, na sentensi hii nitakufa nayo, "Mbona hakuna alama?" Nikamhubiria uvumilivu na watoto, nikamnunulia sato wawili, nikampandisha kivuko cha Kamanga mimi mwenyewe. Alinipungia kwa mkono ulioshika mfuko wa samaki.

Wiki tatu baadaye alimwambia mumewe kwamba anaondoka. Majirani walimkuta sakafuni jikoni, amejikojolea, hajui siku wala jina la mtoto. Nesi aliyempokea ndiye aliyenifundisha nilichotakiwa kujua kabla ya wale sato. Mtu anaweza kukabwa mpaka azimie kwa sekunde chache tu, na ngozi ya shingo isionyeshe kitu. Tazama sauti iliyokwaruza, kumeza kwa shida, vidoadoa vyekundu kwenye weupe wa macho, kusahau kilichotokea, kujikojolea. Hata akiamka na kutembea, shingo inaweza kuvimba kwa ndani au mshipa ukaziba saa au siku baadaye, kwa hiyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Akaniambia pia kwamba kati ya yote mwanamume anayofanya kwa hasira, hilo ndilo linalotangulia mauaji kwa namna ya kutisha. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, hatari ya kuuawa na mwenzi huyo baadaye inapanda mara saba hivi.

Sasa kikombe chako. Kilikuwa cha nani? Kiliangukia ukuta upi, na wewe ulikuwa umesimama wapi? Nani aliyeokota vigae, na yeye alikuwa anafanya nini wakati unaokota? Mlango nao nieleze vizuri: anaubamiza akitoka kwenda kupunga upepo, au anaufunga na kusimama mbele yake ili usipite? Anayetoka anaikimbia hasira yake. Anayekuzuia kutoka tayari amekugusa, hata kama mkono wake haujafika. Na vitu hivi vilikuwa mara moja kwa mwaka, au sasa ni kila mshahara ukichelewa? Amewahi kukuwekea mkono shingoni, hata kwa "utani"? Hilo la mwisho ukinijibu ndiyo, usiandike barua. Panda basi.

Nimeapa kutokukuamulia, maana nilimwamulia mdogo wangu na unajua kilichotokea. Nakwambia tu alichokosea kwa sababu sisi hatukumfundisha: alitangaza. Siku ya kusema "naondoka", na miezi inayofuata, ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa mtu wa aina ile. Anayeondoka huondoka mume akiwa kazini, maneno yanafuata mke akiwa mbali. Vyeti vyako, kitambulisho cha taifa na kadi za kliniki za watoto nitumie mapema, mwambie nimeviomba kwa ajili ya mambo ya mirathi ya baba. Akianza kufoka, usibishane naye jikoni kwenye visu, sogea upande wenye mlango. Yakitokea ya kutokea, kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na utapewa fomu ya PF3, ambayo daktari anajaza majeraha yako. Mtajie shingo hata kama haionyeshi kitu, kwa sababu asipoambiwa hataiandika. Na mtu akikwambia mume ana haki ya kumrudi mkewe, mwambie Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki hiyo. Hiyo niliijua nikiwa nimechelewa nayo pia.

Mama yako mdogo yupo, ana genge lake, na sauti haikurudi yote. Akiimba kanisani utamjua. Hajawahi kunitajia wale samaki.

Huenda mumeo ni mtu wa redio tu. Ningependa iwe hivyo, namuonea huruma mtu anayepiga kelele kwa sababu hajui kusema ameumia. Lakini umeandika "hajawahi kunigusa" kama mtu anayehesabu siku, na barua yako nzima haina hata mstari mmoja unaosema ulimjibu nini.

Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa, nimekwambia bila sababu. Nijibu kwanza lile la ukuta: ulikuwa umesimama wapi?

Mama yako