Amepata 24 kwenye moko: atafaulu mtihani wa taifa?

Swali: Nafundisha Hisabati kidato cha nne. Mwanafunzi wangu amepata 24 kwenye moko. Kumbukumbu za miaka mitatu zina wanafunzi 18 waliopata kati ya 20 na 29, na 11 walifaulu mtihani wa taifa. Je, nimwambie mzazi wake uwezekano ni asilimia 61?

Jibu: Subiri kidogo, Mwalimu. Kugawanya umegawanya sawa, ila wapange hao 18 mwaka kwa mwaka kwanza. Tuseme 9 ni wa mwaka ambao moko ilikuwa ngumu kupindukia, na 8 kati yao walifaulu, ilhali katika 9 wa miaka mingine miwili walifaulu 3 tu. Mwaka ule mgumu, aliyepata 24 huenda alikuwa katikati ya darasa. Wa kwako je, yuko wapi?

Moko hutungwa upya kila mwaka, kwa hiyo nafasi darasani inalinganishika kuliko alama. Akiwa wa 58 kati ya 84, yuko kwenye asilimia 69 kuhesabu kutoka juu. Wachukue wote wa miaka iliyopita waliokuwa kati ya asilimia 60 na 78. Ukibana zaidi, watafanana naye sana lakini utabaki na watu watano sita, na mmoja wao akibadilika jibu zima linayumba. Ukitanua mno, unaingiza wasiofanana naye.

Tuseme umepata wanafunzi 43, na 17 kati yao walipata D au zaidi, yaani alama 30 kwenda juu. Hiyo ni asilimia 40, mbali kabisa na 61. Kujua inaweza kuyumba kiasi gani, tumia hii, 0.4 ikiwa sehemu ya waliofaulu na 0.6 ya walioshindwa:

```
2 × √(0.4 × 0.6 / 43) ≈ 0.15
```

Yaani 40 hiyo inaweza kupanda au kushuka kwa 15 hivi. Mzazi mwambie hivi: katika wanafunzi kumi wa nafasi yake, wanne hivi hufaulu, na kwa kumbukumbu tulizonazo wanaweza kuwa watatu au hata watano. Hilo ataelewa, na ni kweli.

Nafasi nayo ina udhaifu: inachukulia kwamba madarasa yote yana uwezo sawa. Linganisha matokeo ya Hisabati ya upimaji wa kidato cha pili, maana huo ni wa kitaifa. Kama darasa la sasa lilifanya vizuri zaidi ya yaliyotangulia, 40 hiyo iko chini ya hali halisi. Waliofanya moko kisha wasiufanye mtihani wa taifa wahesabu peke yao. Ukiwatupa kimya kimya, asilimia itapanda bila sababu, kwa kuwa mara nyingi wanaoacha shule ni wa chini.

Kabla ya kuitumia njia hii kwa darasa zima, ufiche mwaka wa mwisho, kadiria kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha fungua matokeo. Uliowapa asilimia 40 wakifaulu saba katika kumi, na kundi si dogo, vigezo vyako vya kufanana havijakaa sawa.