Tawi la Mwembe wa Jirani Lilipoangukia Gari Langu

Usiku mmoja wa masika, tawi la mwembe lililokuwa likining'inia juu ya ua wetu hapa Tudor, Mombasa, lilikatika na kuangukia gari langu, likabonyeza paa na kuvunja kioo cha mbele. Mwembe ni wa jirani, nami niliamini kwamba bima yake ndiyo ingelipa. Mzee huyo alikuja alfajiri, akaniambia, "Mwanangu, upepo ni wa Mungu, tusilaumiane." Nilikasirika, lakini kisheria hakuwa amekosea kabisa.

Kumiliki mti hakumfanyi mtu awe mdaiwa kila unapoanguka. Ili jirani awajibike, ni lazima ithibitike kwamba alijua, au alipaswa kujua, kwamba mti ni hatari, kisha akazembea. Mti wenye afya ukiangushwa na dhoruba, hasara ni ya aliyeangukiwa. Kwa hiyo kampuni ya kwanza kuarifiwa ni yako mwenyewe, na hapo ndipo aina ya bima inapoamua mambo: bima kubwa hulipia gari lako, ilhali ile ya mtu wa tatu, ambayo wengi wetu hukata kwa sababu ni rahisi, haitakulipa chochote kwa ajali kama hii. Nyumba nayo hutazamwa katika hati yake yenyewe, si ya gari. Usome kama dhoruba na kuangukiwa na miti vimetajwa, na kama ukuta wa ua umeachwa nje.

Mimi nilikuwa na bima kubwa. Gari lilikadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 800,000, matengenezo yakafika 146,000, na kwa kuwa hati ilinitaka nibebe asilimia 2.5 ya thamani ya gari, yaani 20,000, kampuni ililipa gereji 126,000.

Kabla tawi halijaondolewa, nililipiga picha pale lilipokatikia. Ndani mti ulikuwa mweusi, umeoza na kujaa mchwa, na uozo wa namna hiyo si kazi ya usiku mmoja. Pia nilikuwa na ujumbe niliomtumia mzee mwezi wa Januari, nikimwomba akate tawi hilo kwa sababu lilikuwa limekauka, naye akajibu kwamba angelishughulikia. Ujumbe huo ulikuwa na uzito kuliko picha zote, maana ulionyesha kwamba alijua.

Mzee alitaka kunipa 10,000 nisaini kwamba tumemalizana. Nashukuru sikusaini. Kampuni ikishakulipa hupata haki ya kumdai mwenye kosa kwa jina lako, na ukiwa umemsamehe kwa maandishi umeiharibia haki hiyo, nayo inaweza kukataa kukulipa au kukudai ilichotoa.

Bima ya nyumba ya mzee ilikuwa na kipengele cha madhara kwa watu wengine. Kampuni yangu iliiandikia ya kwake, ikaambatanisha picha na ule ujumbe, nazo zikavutana kwa miezi kadhaa. Elfu 20 zangu nilirudishiwa mwezi wa Novemba.