Unga unaisha kabla ya tarehe uliyopigia hesabu: angalia ulichogawanyia

*"Wadau, nina duka Kondele, Kisumu. Jumamosi tunafunga. Septemba niliuza pakiti 460 za unga wa kilo mbili, nikagawanya kwa 30. Jumatano tarehe 1 Oktoba asubuhi nilihesabu pakiti 180, na Excel ikaniambia zitafika tarehe 12. Ziliisha tarehe 8 mchana. Msambazaji wangu huleta siku tatu za kazi baada ya kuagiza, wikendi haleti. Picha za daftari na fomula ziko hapa chini. Nirekebishe wapi?"*

Dada, asante kwa kuweka picha za daftari, kwa sababu bila hizo hakuna mtu angekusaidia kwa uhakika. Mimi nasimamia stoo ya duka la jumla huku Nakuru, na hesabu hii naifanya kila wiki kwa unga, sukari na mafuta. Kugawanya stoki kwa mauzo ya siku ni sahihi kabisa. Shida iko kwenye yale mauzo ya siku yenyewe, yaani ule wastani wa 15.3 uliopata. Haufanani na duka lako.

Tazama ukurasa wako wa katikati ya Septemba. Kuanzia Jumatatu tarehe 15 hadi Jumapili tarehe 21 hakuna pakiti hata moja iliyouzwa. Ukiangalia pembeni umeandika "unga hakuna". Sasa hizo siku umezihesabu kwenye 30 kana kwamba wateja walikuja wakakataa kununua, ilhali walikuja wakakosa. Wastani unatakiwa ukuonyeshe wateja wanataka pakiti ngapi kwa siku, na siku ambayo rafu ilikuwa tupu haikuambii lolote kuhusu hilo. Iondoe kwenye hesabu. Ukiiacha, utapata wastani mdogo, utaagiza kidogo au utachelewa kuagiza, rafu itakauka tena, na mwezi ujao wastani utashuka zaidi. Nimeona duka la jirani likifuata njia hiyo hadi wateja wake wa unga wakahamia kwingine, na mwenye duka akaamini kwamba unga hauendi pale mtaani.

Kwa hivyo Septemba yako ni hivi. Mwezi ulikuwa na siku 30, toa Jumamosi nne, zinabaki 26 za kufungua duka. Toa siku sita ambazo ulifungua lakini hukuwa na unga (ile Jumamosi ya tarehe 20 tayari tumeshaitoa), zinabaki siku 20. Hizo 20 ndizo za kugawanyia.

Jambo la pili liko Jumatano tarehe 24. Siku hiyo kuna mtu mmoja aliyechukua pakiti 60, beli tano nzima, na umeandika "matanga". Huyo si mteja wa kila siku. Matanga mengine yatakuja, lakini huwezi kuyatandaza kwenye siku zote za mwezi kana kwamba kila asubuhi kuna kipande cha matanga kinachonunuliwa. Mtoe kwenye mauzo unapotafuta wastani. Zinabaki pakiti 400 kwa siku 20, yaani 20 kwa siku. Ukimwacha ndani ungepata 23, na hapo ungekosea upande wa pili. Na kama unajua mapema kwamba kuna hoteli au shule itakuja kuchukua beli kadhaa wiki hii, zipunguze kutoka kwa stoki uliyo nayo kabla ya kugawanya. Mzigo wa mtu mmoja unatoka kwenye stoki, wastani haumhusu.

Sasa Jumamosi. Hapa watu wengi huchanganya, kwa hivyo nitaeleza taratibu. Ukigawanya mauzo kwa siku zote za kalenda, pamoja na zile ulizofunga, basi na tarehe ya kuisha uihesabu kwa siku zote za kalenda. Ukigawanya kwa siku ulizofungua tu, basi unapohesabu mbele uruke siku unazofunga. Njia zote mbili zinakubalika, na kwa bidhaa inayokaa mwezi mzima tofauti yake ni ndogo. Kosa ni kugawanya kwa njia moja na kuhesabu mbele kwa nyingine. Kwa unga unaokaa siku saba au nane, mimi napendelea siku za kufungua, kwa sababu Jumamosi moja ikianguka katikati inahamisha tarehe waziwazi.

Pakiti 180 kwa 20 kwa siku ni siku tisa za kufungua. Umehesabu stoki asubuhi kabla ya kuuza, kwa hivyo tarehe 1 yenyewe ni siku ya kwanza. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, ruka Jumamosi tarehe 4, kisha Jumapili kuendelea. Siku ya tisa ni Ijumaa tarehe 10. Tayari tumetoka 12 hadi 10, lakini unga wako uliisha 8. Siku mbili zaidi zimeenda wapi?

Rudi kwenye daftari, mwanzo wa Septemba. Siku saba za kwanza za kuuza, tarehe 1 hadi 8, uliuza pakiti 182. Hizo ni 26 kwa siku. Siku 13 zilizobaki zenye unga uliuza 218, karibu 17 kwa siku. Watu wamepokea mshahara, mtu anachukua pakiti nne za wiki mbili badala ya moja ya leo. Huku Nakuru ni vilevile, na tofauti ya mwanzo na katikati ya mwezi kwenye unga na mafuta ya kupikia naiona kila mwezi. Wastani wa 20 ni wa kweli kwa mwezi mzima, lakini wewe hukuwa unauza mwezi mzima, ulikuwa unauza wiki ya kwanza ya Oktoba. Kwa stoki itakayoisha ndani ya wiki moja, tumia wastani wa wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Pakiti 180 kwa 26 ni 6.9. Maana yake siku sita utahudumia kila mteja bila wasiwasi, na siku ya sita ni Jumanne tarehe 7. Jumatano tarehe 8 unaamka na pakiti 24 na unahitaji 26, kwa hivyo utaishiwa kabla ya kufunga. Ndivyo ilivyotokea.

Kwenye Excel au Google Sheets weka idadi ya pakiti kwenye B2, wastani kwenye C2, na tarehe uliyohesabu stoki kwenye D2. Halafu E2 andika:

```
=WORKDAY.INTL(D2-1, INT(B2/C2), 17)
```

Hiyo 17 inamaanisha siku ya kufunga ni Jumamosi peke yake. Anayefunga Jumapili peke yake aweke 11. `INT` inakata desimali, kwa hivyo unapata siku ya mwisho ambayo stoki inatosha mpaka jioni, na kwako itatoa tarehe 7 Oktoba. Nimetoa moja kwenye D2 kwa sababu unahesabu asubuhi. Ukihesabu jioni baada ya kufunga, andika `D2` bila kutoa moja. Ikikuletea namba kama 45937, hiyo ndiyo tarehe yenyewe, badilisha tu muundo wa seli uwe wa tarehe. Na ikikuletea tarehe ya jana, ujue unga ulionao hautoshi hata leo.

Kuna kitu kwenye fomula yako ambacho nakusihi ukibadilishe leo. Umeandika `=TODAY()+B2/C2`. `TODAY()` inabadilika kila asubuhi unapofungua faili, lakini zile pakiti 180 hazibadiliki mpaka uhesabu upya. Tarehe 1 ilikuambia 12, tarehe 3 ingekuambia 14, tarehe 6 ingekuambia 17, huku rafu inazidi kupungua. Ukiona tarehe ya kuisha inasogea mbele siku moja kila siku moja, hiyo ndiyo dalili. Tarehe ya kuanzia iwe ile uliyosimama mbele ya rafu ukahesabu, na uiandike kwa mkono.

Unapohesabu, hesabu kwa pakiti, usichanganye na beli. Beli ya unga wa kilo mbili ina pakiti 12, na nimeona mtu akiandika 15 kwenye safu ya stoki huku mauzo ameandika kwa pakiti, akaambiwa unga unaisha leo. Pakiti zilizopasuka au zilizoingia wadudu usizihesabu, hutaziuza.

Sasa tarehe ya kuagiza, maana hiyo ndiyo unayoihitaji hasa. Mzigo unatakiwa ufike kufikia Jumanne tarehe 7. Msambazaji wako anahitaji siku tatu za kazi na wikendi haleti, kwa hivyo rudi nyuma Jumatatu, Ijumaa, Alhamisi:

```
=WORKDAY(E2, -3)
```

Inatoa Alhamisi tarehe 2 Oktoba. Yaani ulitakiwa kupiga simu siku moja tu baada ya kuhesabu stoki, wakati tarehe 12 ilikuwa inakuonyesha una nafasi ya kutosha. Na kama msambazaji huchelewa mara kwa mara, usiandike siku tatu anazosema yeye, andika zile ambazo kweli huwa anachukua.

Hesabu hii ina mipaka. Bidhaa inayouzwa mara mbili tatu kwa mwezi, wastani wake wa siku hauna maana, hiyo weka kiwango cha chini na uagize ikifika pale. Na usichukue wastani wa mwaka mzima kwa unga wa pakiti. Upande wenu mahindi ya masika yanaanza kuvunwa Julai na Agosti, huku kwetu mengi hutoka shambani kuanzia Oktoba, na watu wakiwa na mahindi yao wanaenda kusaga wenyewe. Mwezi uliopita unakueleza mengi kuliko mwezi wa Machi.

Kuanzia sasa, kwenye daftari ongeza safu moja ya alama kwa kila siku: F kwa siku uliyofunga, O kwa siku ambayo rafu ilikuwa tupu. Kama unga uliisha mchana, kama ile tarehe 8, weka O pia na uiondoe siku hiyo, kwa sababu mauzo yake ni ya nusu siku. Halafu hesabu rafu tena katikati. Kwa 26 kwa siku, Ijumaa tarehe 3 jioni ungetakiwa kukuta pakiti 102. Ukikuta 90, umeuza 30 kwa siku, weka 90 na 30 kwenye fomula na tarehe mpya, bila kutoa moja kwa sababu umehesabu jioni. Utaona unga unaisha Jumanne jioni na hakuna cha kufungulia Jumatano, na bado una muda wa kumpigia msambazaji umwombe alete Jumatatu.