Rangi tano kwenye Sheria moja: anza na kifungu cha 58

"Nimepaka rangi Sheria ya Ulinzi wa Data yote, lakini kila ukurasa una rangi zote na sikumbuki chochote. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, nadhani unapaka kifungu kizima rangi moja. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Kifungu cha 58 cha Sheria hii ya Kenya ya 2019 nilikipaka bluu chote kwa sababu kinampa Kamishna wa Data mamlaka. Kwenye mtihani nikaeleza mamlaka vizuri, nikasahau muda na kosa, na alama zikaniponyoka.

Sasa napaka maneno tu. Nasoma kwanza kwa penseli, hailaita baadaye. Chukua kifungu hichohicho. Maneno yanayosema Kamishna anaweza kumpa mtu ilani ya utekelezaji ni bluu, mamlaka. Kinachofuata ni kijani, utaratibu: ilani itaje kifungu kilichovunjwa, hatua za kuchukua, muda usiopungua siku 21, na haki ya kukata rufaa. Kifungu kidogo cha 3 ni chekundu: anayekaidi ilani bila sababu ya msingi anatenda kosa, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Rangi tatu ndani ya kifungu kimoja, na kila moja inajibu swali lake.

Zambarau, yaani rufaa, haiko hapo ila kwa kutajwa. Iko kifungu cha 64: Mahakama Kuu. Kwa hiyo pembeni mwa 58 naandika "64" kwa zambarau, na pembeni mwa 64 naandika "58". Utaona pia kwamba 64 hakitaji idadi ya siku za kukata rufaa. Palipo na zambarau bila tarakimu naweka alama ya kuuliza, kisha nafungua kanuni za 2021 za kushughulikia malalamiko na utekelezaji.

Nyekundu nayo ina mtego. Kifungu cha 72 kinataja makosa ya kufichua data bila kutaja adhabu yake. Ukikutana na kosa lisilo na adhabu, chora mshale hadi 73, penye adhabu ya jumla: faini isiyozidi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote.

Njano, tafsiri ya maneno, ndiyo inayojaza ukurasa. Ipake kwenye kifungu cha 2 peke yake. Kwingineko neno lililotafsiriwa lipigie mstari mwembamba wa njano mara ya kwanza tu katika kila kifungu. "Mdhibiti wa data" na "mchakataji wa data" usiwaache kamwe: kifungu cha 43 kinampa mdhibiti saa 72 kumjulisha Kamishna data inapovuja, na mchakataji saa 48 kumjulisha mdhibiti. Ukiwachanganya hawa wawili, kijani chako chote hapo kitakuwa kimepotoka.