Majibu ya kamera yameandikwa "Los Angeles B"

Swali: "Wakuu, nasumbuliwa na kiungulia karibu kila wiki. Nimepimwa kwa kamera, majibu yanasema umio una michubuko, Los Angeles B. Ni kansa? Mbona kiungulia kila mtu anacho?"

Mkuu, si kansa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopia na jina hilo linatisha wengi. Ni utaratibu tu wa kupima michubuko, uliowasilishwa kwenye kongamano la madaktari mjini Los Angeles mwaka 1994.

Kiungulia cha baada ya pilau ya harusi ni asidi iliyopanda kidogo, umio ukairudisha chini, mate yakamalizia. Kinahesabiwa ugonjwa pale kinapokukera siku mbili au zaidi kwa wiki, au kikiwa kikali hata siku moja tu kwa wiki, au asidi ikishajeruhi umio.

Sasa hizo herufi. Karibu na tumbo, ukuta wa umio una mikunjo iliyosimama wima. Mchubuko usiozidi milimita 5 juu ya mkunjo ni A. Ukizidi hapo lakini haujavuka kwenda mkunjo wa pili, ni B, ndiyo yako. Ukivuka na kuunganisha mikunjo, ni C, mradi haujafika robo tatu ya mzunguko wa umio. Ukifika au kuzidi, ni D. A peke yake haitoshi kuthibitisha ugonjwa, maana hata wasiolalamika chochote huwa nayo. B pamoja na dalili kama zako inatosha.

Herufi haipimi maumivu, na wengi wenye ugonjwa huu umio wao huonekana safi. Alikuja dereva wa lori anayeungua kila usiku, kamera isione kitu. Kumbe alikuwa anameza omeprazoli hadi siku moja kabla, na dawa hiyo huponya michubuko huku ugonjwa ukiwepo. Daktari akamsimamishia dawa wiki tatu, akarudia kipimo: B, mchubuko wa milimita 8. (Usijisimamishie mwenyewe, hasa kama umewahi kutoka damu.)

Kwa B kawaida ni omeprazoli au ndugu zake kwa wiki 8, nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Wengi huimeza baada ya kula halafu wanasema haifanyi kazi. C na D hurudiwa kamera baada ya dawa, kuona kama umepona na kama chini ya kidonda hakuna mabadiliko mabaya ya ngozi ya umio. Wewe huenda usihitaji ukipata nafuu, ila chakula kikianza kukwama, ukitapika damu, ukipata choo cheusi au ukikonda bila sababu, rudi mara moja.

Na wiki ile ya kipimo ulikuwa unameza dawa? Kama ndiyo, mwambie daktari wako, kwa sababu B hiyo inaweza kuwa mabaki ya kidonda kilichokuwa kikubwa zaidi.